Je, Wajua? Kahawia Mbili Ndani ya Kashata Moja

Je, wajua kwamba njugu na sukari ya kashata hazigeuki kahawia kwa njia moja?

Chukua kipande cha kashata ya njugu kama zile zinazouzwa Mbweni, kusini mwa Mji wa Zanzibar, kati ya Mazizini na Chukwani. Kikate kwa kisu kikali ili njugu nazo zipasuke, kisha kiinue kwenye mwanga. Sukari ina rangi ya kaharabu na mwanga unapita. Njugu kwa ndani zina rangi ya biskuti na mwanga haupiti. Jicho la haraka litasema yote ni kahawia iliyotokana na moto, na hilo ni kweli. Lakini kilichotokea kwenye sukari sicho kilichotokea kwenye njugu, na ukizionja mbalimbali ulimi utakubali.

Sukari iligeuka ikiwa peke yake. Iliyeyuka, moto ukazidi, ikaanza kuvunjika na vipande vyake vikaungana upya. Hiyo ndiyo karameli. Njugu ziligeuka kwa sababu sukari kidogo iliyomo ndani yake ilikutana na asidi amino, yaani vile vijenzi vinavyounda protini, na viwili hivyo vikashikana kwenye joto. Huo unaitwa mmenyuko wa Maillard, jina linalotamkwa karibu na "Mayaar".

Tofauti yao kubwa imo kwenye elementi. Sukari ina tatu tu: kaboni, hidrojeni na oksijeni. Hata uichome namna gani, haiwezi kutoa kitu chenye elementi ambayo haikuwa nayo. Asidi amino zote zina nitrojeni, na mbili kati ya zile zinazojenga protini, sisteini na methionini, zina salfa pia. Kwa hiyo mmenyuko wa Maillard una malighafi ambayo karameli haina kabisa. Harufu ya bisi, ya ganda la mkate uliotoka tanuri, ya njugu zilizokaangwa, ya mishkaki juu ya makaa, zote zimebebwa na molekuli zenye nitrojeni au salfa. Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kuyeyusha sukari tupu akasikia harufu ya nyama choma.

Je, wajua kinachotokea njugu zikiwa kikaangoni?

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu kashata ni mahali pazuri pa kuona mambo haya mawili yakipishana hatua kwa hatua. Mama mmoja wa Mbweni anayepika kashata za kuuza hutumia nusu kilo ya njugu mbichi kwa vikombe viwili vya sukari, hiliki iliyotwangwa na chumvi ya kubana kwa vidole. Njugu huzikaanga kwanza, zenyewe, bila mafuta, kwenye jiko la makaa.

Mwanzoni hakuna linaloonekana. Njugu mbichi zina maji kidogo ndani yake, na maji hayo yakiwa bado mengi joto la ndani haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100, kwa kuwa moto wote unatumika kuyageuza mvuke. Harufu ya wakati huo ni ya kunde mbichi. Mpishi asiye na subira huongeza makaa hapa, na hilo ndilo kosa linaloharibu njugu nyingi: nje hukauka na kuungua wakati katikati pangali pabichi.

"Moto wa njugu haulazimishwi, mwanangu," alinambia yule mama, mwiko ukiendelea kuzunguka. "Ukiusukuma, zitakudanganya rangi."

Maji yakipungua, joto la njugu hupanda. Kuanzia kiasi cha nyuzi 140 mmenyuko wa Maillard huenda mbio. Njugu zina protini nyingi, karibu robo ya uzito wake, na pia asidi amino zilizo huru. Lakini sukari yake kubwa ni sukrosi, ileile ya mezani, na sukrosi ina shida moja. Imeundwa na sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, zilizofungwa pamoja kwa ncha zilezile ambazo zingeweza kushika asidi amino. Mpaka joto liuvunje ufungo huo, haiwezi kuingia kazini. Ikishavunjika, glukosi na fruktosi huwa huru, kila moja hushika nitrojeni ya asidi amino, maji hutoka, na kitu kipya huzaliwa. Hatua hiyo ya kwanza haina rangi wala harufu.

Kitu hicho kipya hakitulii. Hujipanga upya, halafu huvunjika na kuwa vipande vidogo vyenye hamu kubwa ya kushika vitu vingine. Vipande hivyo huzirudia asidi amino zilizobaki na kuzivunja nazo, kila moja ikitoa harufu yake. Leusini hutoa harufu ya kimea. Fenilalanini hutoa harufu inayokaribia asali. Methionini hutoa ile ya viazi vilivyochemshwa. Nitrojeni inayoachwa njiani hujiunga na kuwa pirazini, na pirazini ndizo unazozinusa pale unaposema njugu sasa zimeiva. Mwishoni kabisa vipande vingi hushikana na kuwa molekuli kubwa za kahawia ziitwazo melanoidini. Rangi basi huja nyuma ya harufu. Anayekaanga kwa pua hujua kabla ya anayekaanga kwa macho.

Yule mama alikuwa na vipimo vitatu. Husugua njugu moja kwa vidole na kuona kama ganda lake jekundu linatoka lenyewe. Huipasua na kutazama katikati, kwani nje kunaweza kuwa tayari na ndani bado. Kisha huziepua zikiwa na rangi nyepesi kuliko anayoitaka, akazimwaga kwenye uteo zipoe, kwa sababu joto lililobaki ndani huendelea kuzipika. Zikisubiri kikaangoni hadi zifikie rangi kamili, zikipoa zitakuwa zimepita na zitakuwa chungu.

Je, wajua kwamba sukari huanza kupoteza utamu pale inapoanza kunukia?

Sasa ije sukari, kwenye sufuria kavu. Hapa hakuna protini, na moto unaohitajika ni mkubwa zaidi. Sukari ya mezani huanza kuwa kahawia kwenye kiasi cha nyuzi 160. Fruktosi ni tofauti, hugeuka mapema sana, karibu nyuzi 110, na ndiyo maana asali, ambayo fruktosi yake ni nyingi, huungua upesi.

Sukari iliyo pembeni huyeyuka kwanza. Inakuwa kama maji, kisha rangi ya dhahabu, kisha kaharabu. Katika safari hiyo hutoka diasetili, yenye harufu ya siagi, na maltoli, na furani zenye harufu tamu nzito, pamoja na asidi zinazoleta ukali kidogo. Vyote hivyo vimetengenezwa kwa kuteketeza sukari, kwa hiyo kadiri karameli inavyokolea ndivyo utamu unavyopungua na uchungu unavyopanda. Karameli ya dhahabu ni tamu na haina mengi ya kusema. Iliyofika kaharabu ina utamu, ukali na uchungu kidogo kwa pamoja, na mimi naamini kashata nzuri huishia hapo. Ikivuka ikawa nyeusi na kutoa moshi wa bluu, hairudishwi na hiliki wala chumvi.

Muda kati ya kaharabu na kuungua ni mfupi mno, kwa sababu sufuria na sukari yenyewe zimebeba joto jingi. Njugu zinapaswa kuwa tayari mkononi. Zikimwagwa, hupunguza joto la sukari na kuizuia isiendelee. Kisha vyote humiminwa kwenye kibao kilichopakwa mafuta, vikatandazwa kwa chupa, na kukatwa vingali moto.

Wapishi wengine hukamulia matone ya ndimu kwenye sukari. Wanafanya hivyo ili isigande punje punje, na hawakosei. Asidi ya ndimu huvunja sehemu ya sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa sukari tatu hauwezi kujipanga kirahisi kuwa fuwele. Lakini kwa kuwa sasa kuna fruktosi, sukari hiyo itageuka rangi mapema kuliko ulivyozoea. Anayeweka ndimu inabidi aepue mapema.

Je, wajua kwamba Maillard hakuwa akitafuta ladha?

Louis Camille Maillard alikuwa Mfaransa, tabibu na mwanakemia, aliyezaliwa mwaka 1878. Mwaka 1912 alichapisha matokeo ya jaribio lililoonekana dogo: alipasha moto glukosi pamoja na glisini, asidi amino iliyo ndogo kuliko zote, ndani ya maji. Mchanganyiko ukawa wa manjano, halafu kahawia, na gesi ya kaboni dayoksaidi ikatoka. Alikuwa akitaka kujua jinsi viumbe hai vinavyounda protini. Swali hilo halikujibika kwa njia hiyo, lakini alielewa kwamba alichokiona kinahusu vitu vingi, kuanzia chakula hadi udongo na maradhi.

Ilichukua miaka 41 mtu kuzipanga hatua zake vizuri. Mwaka 1953 John Hodge, mwanakemia Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Peoria, Illinois, alichora ramani ya mmenyuko wote tangu kushikana kwa sukari na asidi amino hadi melanoidini. Ramani hiyo bado inatumika. Jina la Maillard liko kwenye kila kitabu cha kemia ya chakula, la Hodge hulisikii sana, nami naona huko ni kumpunja.

Je, wajua kwa nini kahawa chungu inaendana na kashata?

Kahawa inayomiminwa kutoka kwenye dele ndiyo kinywaji cha kashata, na kikemia viwili hivi vinasaidiana. Punje mbichi ya kahawa ni ya kijani na inanuka majani makavu. Ina sukrosi na ina protini, na kikaango huifikisha zaidi ya nyuzi 200. Sukrosi yake karibu yote huteketea humo, sehemu kwa njia ya Maillard, sehemu kwa njia ya karameli. Molekuli inayobeba sana harufu ya kahawa iliyokaangwa, furfuriltioli, ina salfa ndani yake, na pua huinasa hata ikiwa chembe kidogo mno. Hiyo ni kazi ya Maillard. Karameli haiwezi kuitoa.

Kikombe hicho kina uchungu na harufu nyingi lakini utamu hakina, kwa sababu karibu sukari yote imeshatumika. Kashata inaleta utamu uliobaki kwenye karameli, na njugu zinaleta pirazini, ambazo zimo pia kwenye kahawa. Ulimi unapata kinachokosekana, na pua inapata inachokijua.

Anayetaka kujua kahawa ingekuwaje bila moto huo, aende Kagera. Wahaya hutafuna kahawa iliyochemshwa ikiwa na ganda lake, pamoja na majani ya kunukia, kisha ikakaushwa. Kafeini imo, ila ile harufu ya dele haimo, kwa kuwa kuchemsha hakuvuki nyuzi 100 na punje haikufika mahali ambapo harufu hiyo huzaliwa.

Je, wajua kwamba maziwa ya kopo yakigeuka kahawia si karameli?

Hili ni jaribio linaloweza kufanywa jikoni na likaamua ubishi. Chukua maziwa mazito ya kopo, yale matamu, uyamimine kwenye bakuli la kuhimili moto. Usichemshe kopo lenyewe likiwa limefungwa, maana maji yakipungua linaweza kupasuka na kumuunguza mtu vibaya. Funika bakuli na uliweke juu ya mvuke wa maji yanayochemka, ukiongeza maji kila yanapopungua. Pembeni weka bakuli jingine lenye sukari iliyoyeyushwa kwa maji.

Baada ya saa mbili au tatu maziwa yatakuwa mazito zaidi na ya kahawia nyepesi, yenye ladha ambayo watu wote huiita karameli. Maji ya sukari yatakuwa meupe kama ulivyoyaacha. Yote mawili yamekaa kwenye joto lilelile, ambalo halikuvuka nyuzi 100, na hapo sukari tupu haiwezi kugeuka. Maziwa yamegeuka kwa sababu yana laktosi, sukari ambayo ncha yake iko wazi, na yana protini yenye lisini nyingi, asidi amino inayoshika sukari upesi kuliko nyingi nyingine.

Hapa kuna jambo linalosahauliwa hata na wanaoandika vitabu vya mapishi. Nyuzi 140 si mlango ambao Maillard hawezi kuuvuka akiwa chini yake. Ni mahali ambapo huwa mwepesi kiasi cha kuonekana kwa dakika chache. Chini ya hapo huendelea polepole, na muda hulipia upungufu wa joto. Labania za maziwa zinazokorogwa jikoni muda mrefu hupata rangi yake kwa njia hiyo.

Je, wajua kwamba vitunguu vya biriani vina kahawia zote mbili?

Vitunguu vina maji mengi, karibu sehemu tisa kwa kumi, na ndiyo maana hukaa kwenye mafuta muda mrefu bila kubadilika, halafu vyote hugeuka kwa ghafla. Vina glukosi na fruktosi zilizo huru, vina asidi amino, na vina salfa nyingi. Maji yakishatoka, Maillard huanza, na fruktosi nayo huanza kuwa karameli. Huwezi kuzitenganisha tena, na hakuna haja.

Kinachoweza kupimwa ni athari ya soda ya kupikia. Asidi hupunguza kasi ya Maillard kwa kuifunga ile nitrojeni isiweze kushika sukari, na soda hufanya kinyume chake. Ukitia soda kidogo sana kwenye vitunguu, vitakuwa kahawia mapema waziwazi. Gharama yake ni kwamba soda hulainisha kuta za seli, vitunguu vikawa uji badala ya kukatika vikavu kama biriani ya Unguja inavyotaka. Kwa mchuzi mzito inafaa, kwa biriani siipendekezi. Na nyama ya mishkaki iliyolazwa kwenye ndimu nyingi itachelewa kupata rangi kwa sababu hiyohiyo ya asidi. Ndimu ikiwekwa mwishoni, rangi huja kwanza na ukali haupotei.

Kukoleza rangi nako kuna mahali pa kusimama. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vilivyokaangwa au kuokwa kwa moto mkali vina akrilamidi, kitu kinachoshukiwa kusababisha saratani kwa binadamu. Huzaliwa na mmenyuko huuhuu, asidi amino iitwayo asparajini inapokutana na sukari kwenye nyuzi zaidi ya 120, na viazi mbatata vina asparajini nyingi. Chipsi za dhahabu zina akrilamidi kidogo kuliko zilizokolea. Viazi vilivyowekwa kwenye friji hujenga sukari zaidi, na vikikaangwa hukolea upesi kuliko kawaida. Chipsi zikikolea kabla ya kuiva ndani, tafuta huko sababu.

Je, wajua kwamba mmenyuko huu unaendelea ndani ya damu yako sasa hivi?

Damu ina glukosi, na chembe nyekundu zimejaa hemoglobini, ambayo ni protini. Joto ni nyuzi 37 tu, lakini chembe nyekundu huishi kiasi cha siku 120, na muda huo unatosha. Glukosi hujishika kwenye hemoglobini kwa hatua zilezile za mwanzo zinazoanza ndani ya njugu, kabla ya rangi na harufu. Kadiri sukari ya damu inavyokuwa juu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya hemoglobini inavyoshikwa, na ikishashikwa haiachii kirahisi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari Samuel Rahbar, mzaliwa wa Iran, aligundua kwamba hemoglobini ya aina hii huwa nyingi kwa wagonjwa wa kisukari. Kipimo kilichotokana na ugunduzi huo huandikwa HbA1c kwenye karatasi ya maabara, na wanafunzi wa afya katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hapo Mbweni wanalijua jina lake. Kipimo cha sukari cha asubuhi huonesha hali ya saa hiyo, na mgonjwa aliyefunga siku moja kabla ya kliniki anaweza kukipunguza. HbA1c haipungui kwa kufunga siku moja, kwa kuwa inahesabu hemoglobini iliyokwisha kushikwa kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Ikifika asilimia 6.5 au zaidi, daktari huchukulia kuwa ni kisukari, na kwa mtu asiye na dalili hurudia kipimo kabla ya kuthibitisha. Kipimo hiki nacho hupotosha, hasa kwa mwenye seli mundu, au aliyepoteza damu nyingi au kuongezwa damu karibuni: chembe zake nyekundu hazijakaa mwilini mwake siku za kutosha glukosi kuzishika, na mara nyingi namba husoma chini kuliko hali halisi.